Unaingia kwa Kiingereza, Unatoka kwa Kituruki

Wasee, leo nina hasira na neno moja: Vazgeç.

Shangazi yangu ni mgonjwa wa tamthilia za Kituruki. Mwezi wa kwanza alijisajili kwenye apu moja ya huko huko Uturuki, shilingi 640 kwa mwezi. Ukurasa wa kujiunga ulikuwa Kiingereza safi: bei, kadi, asante, karibu. Msimu ukaisha, akataka kutoka. Akafungua ukurasa wa akaunti, na pale hakuna Kiingereza hata cha dawa. Kila kitu Kituruki.

Hakukaa tu. Alipiga picha ya skrini akaipitisha kwenye Google Translate, akabonyeza kitufe kilichotafsiriwa "Give up". Akalala akijua amemalizana nao. Mwezi uliofuata wakakata 640. Akarudia vile vile, wakakata tena. Ndio akanipigia: "Wewe si ndio mtu wa mtandao? Nitolee hawa watu kwa simu yangu kabla sijaitupa."

Kuna watu wataandika hapo chini, "kwani alijiunga na kitu hajui lugha yake?" Boss, alijiunga kwa Kiingereza. Mwenye kujua kuchukua pesa yangu kwa Kiingereza anajua pia kuniachilia kwa Kiingereza. Lakini hiyo tutaifikia. Kwanza twende kwenye skrini, maana kosa la shangazi halikuwa uvivu.

Nilianzia "Hesabım". Hilo neno unalijua hata kama hujui unalijua: hesap ni hesabu, zote zimetoka Kiarabu, kwa hivyo Hesabım ni akaunti yangu. Ndani kulikuwa na sehemu ya "Üyelik", uanachama. Chini yake, kwa herufi za kijivu ndogo kama maonyo ya pakiti ya sigara, "Aboneliği iptal et". Abonelik ni usajili. Iptal nayo ina mzizi mmoja na batili yetu. Batilisha usajili. Hiyo ndiyo laini yenyewe, na shangazi aliipata vizuri tu. Shida inaanzia mbele.

Ukiibonyeza unaletewa skrini ya kukubembeleza. Kitufe kikubwa chekundu kimeandikwa "Aboneliğe devam et". Chini yake, maandishi membamba yenye mstari: "İptale devam et". Zote mbili zina "devam et", yaani endelea (ndugu wa dawamu na daima). Moja inasema endelea na usajili, nyingine endelea na kubatilisha. Mtu anayetafuta neno moja tu la kushika atashika chekundu. Usiangalie mwisho wa sentensi hapa. Angalia neno la kwanza: unataka ile inayoanza na İptal.

Kisha kinakuja kisanduku cha mwisho: "Aboneliğinizi iptal etmek istediğinizden emin misiniz?" Una uhakika unataka kubatilisha usajili wako? Vitufe viwili: "Vazgeç" na "Evet, iptal et".

Hapa ndipo shangazi alipigwa. Vazgeç kikamusi ni achana nalo, ghairi. Mashine ikampa "Give up", naye akaelewa: give up usajili, achana nao. Lakini kwenye kisanduku, Vazgeç ni kughairi ulichokuwa unataka kufanya. Unaghairi kule kubatilisha. Kwenye iPhone ya Kituruki, kitufe cha kawaida cha kughairi kinaitwa hivyo hivyo, Vazgeç, kwa hivyo Mturuki wala hajiulizi. Tafsiri haikudanganya neno. Ilidanganya mahali neno limekaa. Ulichohitaji ni "Evet, iptal et": ndiyo, batilisha.

Na usidhani ukishika iptal umemaliza. Kuna apu kisanduku chake kina "İptal" peke yake upande mmoja na "Tamam" upande mwingine. Hapo İptal ni mlango wa kurudi nyuma, na Tamam ndiyo sawa, fanya. Neno lile lile, kazi kinyume! Nimejiwekea njia moja: soma swali kwanza, alafu utafute kitufe kinachojibu ndiyo. Iptal ikiandamana na abonelik, au ikitanguliwa na Evet, ndiyo yenyewe. Iptal ikiwa imesimama pekee ndani ya kisanduku, shuku.

Vitufe viwili vingine vya kuogopa viko chini ya ukurasa huo. "Çıkış yap" ni kutoka kwenye akaunti tu, malipo yanaendelea. "Hesabımı sil" ni futa akaunti yangu, na watu wenye hasira wanapenda kukimbilia hicho. Usikiguse kabla hujabatilisha. Kama ulilipia kupitia Google Play, kufuta akaunti au kufuta apu hakusimamishi malipo, na sasa hata ukurasa wa kuangalia umejifungia nje. Kwanza kabisa kagua ujumbe wa malipo uone nani anakata. Ikiwa ni Google, achana na Kituruki chote, nenda play.google.com/store/account/subscriptions, ubatilishe hapo kwa lugha ya simu yako.

Shangazi alilipa moja kwa moja kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, kwa hivyo ilikuwa lazima tupambane. Wengine wataniambia ningesimamisha kadi tu. Hiyo inazuia pesa kutoka, sawa, lakini usajili unabaki hai kwao, na siku ukiifungua kadi ununue kitu kingine wanaweza kujaribu tena.

Utajuaje imekubali? Rudi kwenye Üyelik usome tarehe. Kabla, palikuwa na "Sonraki ödeme tarihi", tarehe ya malipo yajayo. Baada, tarehe ni ile ile lakini maneno yamekuwa "Bitiş tarihi", tarehe ya mwisho. Kwenye barua pepe tulipata "Aboneliğiniz iptal edildi". Hiyo "edildi" ndiyo inasema imeshafanyika. Kama bado unaona "ödeme", malipo, ulibonyeza pabaya. Rudi.

Sasa turudi kwa hao wenyewe. Hii si bahati mbaya ya tafsiri. Mtu aliketi akaamua ukurasa wa kulipa utafsiriwe na wa kutoka uachwe. Wajerumani waliacha kubembeleza: tangu Julai 2022 sheria yao inataka tovuti inayouza usajili wa aina hii iwe na kitufe cha kukatisha, na sheria yenyewe inataja maneno ya kuandika juu yake, "Verträge hier kündigen", katisha mikataba hapa, au mengine yaliyo wazi kama hayo. Alafu kitufe cha kuthibitisha: "jetzt kündigen", katisha sasa. Hakuna "endelea" mbili. Sisi tuna Katiba, Kifungu cha 46, kinachompa mtumiaji haki ya taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu anacholipia. Taarifa gani inahitajika kuliko namna ya kuacha kulipa? Mimi nataka kitu kidogo sana: lugha uliyoniuzia ndiyo unitolee nayo, na kitufe cha kutoka kiseme kinabatilisha nini.

Zile 1,280 alizokatwa baada ya kubonyeza Vazgeç hazijarudi. Tumewaandikia kwa Kiingereza. Wametujibu kwa Kituruki.