Miaka ya Kulea Haiombewi Radhi
Mama wa Budalang'i aliyeacha ukarani wa forodha Malaba mwaka 2017 ili amuuguze mkwewe na kulea watoto, asianze muhtasari wa wasifu wake kwa kuomba radhi. Mwajiri husoma kwanza mistari michache ya juu, basi hapo aandike: "Karani wa forodha, uzoefu wa miaka 6. 2017–2024: mlezi wa muda wote. Nilitunza ratiba ya dawa na daftari la presha la mgonjwa wa kiharusi kila siku. Nzoia ilipofurika 2020, nilihamisha watu 5 na stakabadhi zao zote, haikupotea hata moja." Maneno hayo yana kitendo, kiasi na matokeo, na kwenye usaili anaweza kuyaeleza. "Mvumilivu, mchapakazi" ayafute, kwa kuwa kila mwombaji ameyaandika. Jina la mgonjwa asilitaje kabisa. Wala asijidai ujuzi asionao: mfumo wa Simba aliouzoea umeshapisha iCMS, kwa hiyo mstari wa mwisho utaje mafunzo anayofanya sasa. Mimi ningemwajiri kwa daftari lile tu, maana pale mpakani karatasi moja ikikosekana, lori hulala.