Alama za mjadala hupotelea hapa

Mimi husahihisha ripoti za maabara ya fizikia, na mjadala ndio unaoangusha wengi. Mwanafunzi wa pendulamu amepata g ya 9.5 badala ya 9.8, kisha anaandika "makosa ya kibinadamu" basi. Hapo nakata alama. Kosa lipi, na linasukuma jibu upande gani? Ukipima uzi sentimita 48.5 ukasahau nusu kipenyo cha tufe, sentimita 1.5, urefu umepungua kwa asilimia 3, na g vilevile: ndiyo hiyo 9.5! Andika hesabu hiyo. Kama ulipima nyuzi kadhaa, chora grafu ya T² dhidi ya urefu. Mteremko wake hauguswi na kosa hilo. Ukitoa 9.5 tena, tafuta sababu nyingine.