Vidonda vya Tumbo Vinapona, Tuache Kutishana

Sikiliza watu wanavyosema "mimi nina vidonda vya tumbo". Wanalitamka kama wanavyotaja kabila lao, jambo ambalo umeshazaliwa nalo na huwezi kulibadilisha. Wamekubali kwamba maharage yamewapita, pilipili imewapita, na kidonge cha omeprazo kitakaa kwenye pochi hadi mwisho wa maisha. Ukiwaambia vidonda hivyo vinatibika vikaisha, wanakutazama kwa huruma. Wamekwisha kutibiwa mara tatu, wanakwambia, na vimerudi mara tatu.

Imani hiyo ilikuwa na udhuru hadi mwaka 1982. Wakati huo madaktari wenyewe waliamini chanzo ni mawazo na tindikali, na dawa zilikuwa za kupunguza tindikali tu. Kidonda kilikauka, lakini ndani ya mwaka mmoja zaidi ya nusu ya wagonjwa wa vidonda vya utumbo wa juu walirudiwa. Kisha Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, wakamkuta bakteria aliyejipinda anayeishi ndani ya ute wa tumbo, helikobakta pailori. Wenzao hawakuwaamini, kwa hiyo mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao, akaugua kuvimba kuta za tumbo, akapimwa na kuonekana wamo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Nobeli. Leo tunajua kwamba vidonda vingi vinasababishwa na ama bakteria huyo ama dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Njaa na pilipili huchokoza maumivu, ila hazichimbi kidonda.

Kwa nini basi wenzetu wanatibiwa na hawaponi? Chukua mfano wa mama muuza mbogamboga, pale Mbagala au Likoni, popote unapotaka. Chembe ya moyo inamuuma miezi miwili, inawaka usiku, anabeua, shibe inakuja haraka. Anakwenda maabara ya mtaani, anatobolewa kidole, kijikaratasi kinaonyesha mistari miwili. Anaambiwa ana vidonda.

Kosa la kwanza limeshafanyika. Kipimo hicho hakioni kidonda wala hakimwoni bakteria. Kinaona kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatoa siku ulipokutana na bakteria huyo, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Katika nchi zetu watu wazima wengi mno wamekutana naye tangu utotoni, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote.

Anapewa boksi la dawa lililopangwa asubuhi na jioni. Ndani yake kuna kidonge cha kupunguza tindikali na antibiotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, au metronidazo badala ya mojawapo. Huo mchanganyiko una sababu. Bakteria huyu amejificha kwenye ute, anajitengenezea amonia ya kuzima tindikali inayomzunguka, na antibiotiki moja peke yake haimmalizi. Tindikali ikipungua, antibiotiki hufanya kazi vizuri zaidi. Lakini boksi moja mara nyingi ni la siku saba, na miongozo mingi ya kimataifa ya sasa inataka siku 14. Siku ya tano mama yetu ana ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu na kuharisha. Maumivu yamepungua, anaacha. Kilichopungua ni tindikali. Bakteria waliobaki ndio wale wagumu.

Tena inawezekana dawa ilikuwa imeshindwa kabla hajameza kidonge cha kwanza. Ni mara ngapi umenunua flajili dukani kwa tumbo la kuharisha, au azithromaisini kwa kikohozi cha mafua? Flajili ndiyo hiyo metronidazo, na bakteria anayejifunza kuishi na azithromaisini huwa ameshajifunza kuishi na klarithromaisini pia, maana ni ndugu. Ndiyo sababu kurudia boksi lilelile lililoshindwa ni kutupa pesa. Mara ya pili daktari anapaswa kubadilisha antibiotiki, mathalani kuleta tetrasaiklini na bismathi pamoja na metronidazo na kidonge cha tindikali. Mwenye aleji ya penisilini aseme mapema, kwa sababu amoksilini ni penisilini.

Miezi miwili baadaye tumbo linauma tena. Mama anarudi maabara ileile, anatobolewa kidole kilekile, mistari miwili. "Unaona? Haviponi." Hapa ndipo uongo unapozaliwa, maana kingamwili hukaa kwenye damu kwa miezi, pengine miaka, hata bakteria wote wakiwa wamekufa. Mtu aliyepona kabisa anaambiwa bado anaumwa, anauziwa boksi jingine, na mtaa mzima unapata shahidi mpya.

Kipimo cha kuthibitisha kupona ni cha choo kikubwa kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi pale kinapopatikana. Kina masharti mawili ambayo watu wengi hawaambiwi. Kifanyike si chini ya wiki nne baada ya antibiotiki kwisha, na omeprazo na ndugu zake ziachwe wiki mbili kabla. Usipoziacha, bakteria wanapungua kwa muda na kipimo kinasema hakuna, ilhali wapo. Katika wiki mbili hizo dawa ya maji ya kutuliza tindikali inaweza kukusitiri.

Sasa tuje kwenye lawama ya nyumbani. Dozi ikishindwa, mume anaambiwa ndiye anayemrudishia mkewe. Ni kweli bakteria huyu ni wa familia: hupita kwa mate, matapishi na kinyesi, na wengi tunampata tukiwa wadogo, mara nyingi kutoka kwa mama au ndugu. Kumtafunia mtoto chakula ni njia mojawapo, na mikono isiyonawiwa baada ya choo ni nyingine. Lakini anayeonekana naye tena ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi ana bakteria yuleyule ambaye dozi haikummaliza. Kabla ya kumshuku mwenzako, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye boksi.

Hilo halimwachi mume huru. Wataalamu wa China walitoa mwongozo unaoitazama kaya nzima, watu wazima wapimwe na watibiwe pamoja, na nyumba iliyojaa watu inaona mantiki yake. Kwetu, ambako vipimo ni gharama, ningeanza na watu wazima wanaoumwa tumbo na wale ambao mzazi au ndugu aliugua saratani ya tumbo, maana bakteria huyu ni chanzo chake kinachojulikana. Watoto wasiougua msiwapime wala msiwape antibiotiki kwa kufuata mkumbo. Wadogo huambukizwa tena kwa urahisi, na mtazidi kufuga bakteria sugu.

Wapo pia wanaoua bakteria na bado wanaumwa. Hao huenda hawakuwa na kidonda tangu mwanzo. Wengine wana mawe kwenye nyongo, wengine tumbo lao huuma bila jeraha, na wengine bado wanameza diklofenaki kila mgongo ukiuma. Wanahitaji daktari na pengine kipimo cha kamera, wala si boksi la nne. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni asisubiri kipimo cha choo wala majani ya mganga: aende hospitali leo.

Na wewe uliyeambiwa haviponi, uliza swali moja kabla ya kununua boksi jingine: baada ya dozi ya mwisho nilipimwa choo, au nilitobolewa kidole?