CHUPA YA PILI NI YA MFANYA KAZI



Likitajwa neno la kupimwa mkojo kazini, wengi wetu hukasirika kwanza na kufikiri baadaye. Wako wasemao kwamba mwajiri anatafuta njia tu ya kufukuza watu. Wako wengine wasemao kwamba asiye na kosa hana la kuogopa, basi na apimwe anyamaze. Sisi tunaona maneno yote mawili yamepunguka. Kupimwa kuna sababu yake, na sababu hiyo ni nzito. Lakini kipimo ni kazi ya mikono ya watu, na mikono ya watu hukosea. Basi tujiulize hivi: karatasi ikija kusema kwamba umekutwa na dawa ya kulevya, nawe unajua hukuitumia, utajitetea kwa njia gani?

Tuanze na sababu. Tarehe 4 Januari 1987, huko Amerika, karibu na mahali panapoitwa Chase katika jimbo la Maryland, injini tatu za kampuni ya Conrail, zilizofungwa pamoja bila mabehewa, zilipita signali ya kusimama zikaingia katika njia kuu. Nyuma yake ilikuwa inakuja treni ya abiria ya Amtrak, kutoka Washington kwenda Boston, kwa mwendo uliozidi maili 100 kwa saa. Treni ile haikuweza kusimama. Watu 16 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva wa injini zile na mwenzake walikuwa wamevuta bangi.

Karani akilewa, barua itachelewa. Dereva, mtu wa signali au mtu wa shanti akilewa, watu wasiomjua watazikwa. Hii ndiyo sababu ya kupima watu wa reli, marubani na madereva wa malori makubwa kabla ya kupima watu wa kazi nyingine. Sisi tunaopanda injini hatuwezi kuikana sababu hiyo, maana wa kwanza kufa katika ajali mara nyingi ni mmoja wetu.

Lakini tusisahau nusu ya pili ya habari ya Chase. Kipenga cha kumwonya dereva ndani ya injini kilikuwa kimezibwa kwa utepe wa kunata. Tena injini zile hazikuwa na chombo cha kuzisimamisha zenyewe dereva akipita signali. Kumpima mtu hakuwezi kushika mahali pa breki. Mwajiri akituletea chupa ya mkojo, tumwulize pia habari ya vyombo.

Vyama vya wafanya kazi wa reli wa Amerika vilipeleka shauri mahakamani kupinga amri ya kupimwa baada ya ajali. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba serikali inaweza kuagiza kipimo hicho hata kama hakuna shaka juu ya mtu fulani, kwa kuwa hatari ya kazi yenyewe ni kubwa. Vyama vilishindwa. Lakini mwaka 1991 ilipotungwa sheria ya kuwapima watu wa reli, wa barabara na wa ndege, ndani ya sheria ile ile yaliandikwa mambo ya kumlinda anayepimwa. Tunataka kila mwanachama ayajue mambo hayo, kwa kuwa yameandikwa hatua kwa hatua, nasi tunaweza kuyatumia kama rula ya kupimia kipimo chochote.

Tuseme mtu wa shanti wa huko ameitwa kupimwa siku ya Jumatatu. Anakojoa katika kikombe, na mkusanyaji anatazama joto lake kabla ya dakika 4 kupita. Lazima liwe kati ya digrii 32 na 38, ili ijulikane kwamba mkojo umetoka mwilini mwake sasa hivi. Lazima uwe mililita 45 au zaidi. Halafu, mbele ya macho yake, mkusanyaji anaugawa: mililita 30 katika chupa ya kwanza, na mililita 15 katika chupa ya pili. Kila chupa inafungwa kwa muhuri wa karatasi, na yule mtu anaandika herufi za jina lake juu ya kila muhuri. Namba ya mihuri ni ile ile iliyo katika fomu. Anatia sahihi yake, anapewa nakala, na chupa zote mbili zinakwenda maabara.

Huko maabara chupa ya kwanza tu hufunguliwa. Hupimwa mara mbili. Kipimo cha kwanza ni cha haraka, nacho huweza kudanganywa na kitu kinachofanana na dawa inayotafutwa. Kwa hiyo likionekana jambo, mkojo ule hupimwa tena kwa mashine inayotambua kitu chenyewe kwa uzito wa vipande vyake. Bila kipimo hicho cha pili maabara haiwezi kusema kwamba mtu amekutwa na dawa. Kumfukuza mtu kwa kipimo cha haraka peke yake ni kumhukumu kabla shahidi hajaapa.

Hata hapo karatasi haiendi kwa mwajiri. Inakwenda kwanza kwa daktari aliyewekwa kwa kazi hiyo, naye lazima amtafute mfanya kazi na kuzungumza naye kwa siri. Pengine mtu amekutwa na kodeini kwa sababu alipewa vidonge vya maumivu hospitali. Akionyesha cheti, na daktari akihakikisha kwamba ni cha kweli, mwajiri huambiwa kwamba hakukutwa na kosa. Hata hivyo daktari anaweza kuonya kwamba dawa ile inaleta usingizi na mtu huyu asipewe injini kwa sasa. Hilo ni jambo la usalama, wala si adhabu.

Sasa tuseme mtu wetu wa shanti ameambiwa na daktari, Jumanne saa 4 asubuhi, kwamba amekutwa na bangi, naye anakataa kabisa. Tangu saa ile amepewa saa 72, yaani mpaka Ijumaa saa 4 asubuhi, kuomba chupa ya pili ifunguliwe. Akiomba, chupa ile hupelekwa kwa maabara nyingine, siyo ile iliyopima mwanzo. Mwajiri hawezi kusema, “Lipa kwanza ndipo tuipeleke.” Anaweza kudai fedha baadaye kama mapatano yanaruhusu, lakini kipimo kisingoje fedha. Maabara ya pili isipokiona kitu kile, kipimo chote kinafutwa, na mwajiri hana ruhusa ya kukitumia juu ya mtu huyu. Ikikiona, neno la kwanza linasimama.

Yako mambo mawili yanayowapoteza watu wengi. La kwanza ni kukimbilia hospitali nyingine kesho yake, kukojoa upya na kuleta karatasi safi. Karatasi hiyo haisaidii kitu katika sheria ile. Mkojo wa Jumatano hauwezi kushuhudia mkojo wa Jumatatu, kwa sababu mwili huendelea kutoa taka zake. Shahidi wa Jumatatu ni chupa ya pili peke yake. Ndiyo maana tunasema isipokuwapo chupa hiyo, mtu hana rufani yenye maana.

La pili ni kudhani kwamba kuomba chupa ya pili kunamrudisha mtu kazini siku ile ile. Daktari akiisha kuthibitisha, mtu huondolewa katika kazi ya hatari mara moja, hata kabla ya jibu la pili. Kabla daktari hajathibitisha, mwajiri hawezi kumwondoa kwa neno la maabara tu, ila awe amepata ruhusa maalum ya serikali. Na mshahara wa siku za kungoja, kipimo kikifutwa, haukuandikwa katika amri zile za kupima. Hutegemea mapatano ya chama na mwajiri. Chama kilicholala hapo kitamwona mwanachama wake amesafishwa jina huku mfuko wake mtupu.

Tena tujue kile ambacho mkojo hauwezi kusema. Kipimo cha pombe kwa pumzi huonyesha pombe iliyomo mwilini saa ile. Mkojo sivyo. Taka za bangi hukaa siku kadhaa baada ya kuvuta, na kwa mvutaji wa kila siku huweza kukaa majuma. Basi karatasi ya mkojo inasema kwamba mtu alitumia. Haisemi kwamba alikuwa amelewa alipokuwa kazini.

Jambo hili lina maana kwetu hapa Kenya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inahesabu kuwa kosa kubwa mtu kulewa wakati wa kazi hata asiweze au asitake kufanya kazi yake vizuri. Na kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama anapoelezwa. Lazima asikilizwe kabla ya uamuzi. Hiyo ni haki nzuri. Lakini sheria hiyo haitaji chupa ya pili, wala saa 72, wala maabara ya pili. Utasikilizwaje juu ya mkojo uliokwisha kumwagwa?

Kwa hiyo tunasema chama kisikatae kipimo katika kazi za hatari, bali kidai kiandikwe ndani ya mapatano pamoja na masharti yake: chupa mbili zilizofungwa mbele ya mwenyewe, kipimo cha kuthibitisha, daktari wa kusikiliza kabla ya mwajiri, maabara nyingine kwa chupa ya pili, na mshahara kurudishwa kipimo kikifutwa.

Na wewe ndugu, siku ukiitwa, taja dawa zako kwa daktari akikuuliza, na tunza cheti cha hospitali. Usitie herufi zako juu ya chupa ambayo hukuiona ikifungwa. Linganisha namba za muhuri na za fomu. Chukua nakala yako. Ukiambiwa umekutwa na kitu, andika saa uliyoambiwa, omba chupa ya pili kwa maandishi, na umwone mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.