Mnavu na Mnanaha

Akina mama wetu huchuma mnavu kwa mboga na kwa dawa ya tumbo. Kando ya mashamba yayo hayo huota mnanaha, nao una sumu kali. Mimea hii ikishachanua hutambulikana: mnavu hutoa viua vyeupe mfano wa nyota na vitunda laini kama pilipili manga, mnanaha hutoa ua refu mfano wa tarumbeta na tunda la miiba. Ingali michanga, majani hulandana, na kupika hakuiondoi sumu. Basi tusitie chunguni jani la porini kabla mjuzi hajauona mche wake kwa macho. Aliyekula akakaukwa na kinywa, mboni zikapanuka, akaweweseka, tumpeleke hospitali upesi, pamoja na tawi la mmea ule.