Hiyo Si Ripoti ya Atachmenti, Ni Shajara

Wasee, "wiki ya tatu nilisaidia kufunga kapasita" si ripoti ya uhandisi. Hiyo ni shajara. Halafu unabandika kurasa sita za nadharia kutoka kwa noti za darasani, na hazigusani na kazi uliyofanya popote. (Ndiyo, niliacha kampasi. Hesabu haikuniacha.)

Chukua kapasita hizo hizo. Mashine zinavuta kilowati 100 kwa volti 415, fezi tatu, pawa fakta 0.7. Fomula ya darasani, P = √3 × V × I × cos φ, inakupa ampea 199 hivi. Mkipandisha pawa fakta hadi 0.95, ampea zinafaa kushuka hadi 146. Kazi ni ileile, lakini kebo kuu inabeba mkondo mdogo, na ile sehemu ya bili ya kiwanda inayohesabiwa kwa kVA inashuka.

Sasa andika ulichosoma kwa mita. Ulipata 165? Usifiche! Labda kapasita moja imekufa, labda mzigo umepanda. Sema ulipima nini ndio ujue. Na kama mita haikusonga kabisa, pengine uliishikisha kwa waya wa mota, baada ya kapasita. Huko mkondo haubadiliki.