Picha ya gauni isiseme uongo kuhusu kitambaa

Baadhi ya picha za nguo za watoto zinazozunguka kwenye simu siku hizi hazikupigwa na mtu yeyote. Muuzaji huandika maelezo ya nguo kwenye programu ya akili mnemba, na programu hutengeneza picha. Hakuna gharama ya mpiga picha, wala ya kutafuta mtoto wa kuivaa nguo na kutulia mbele ya kamera.

Tatizo ni kwamba programu hiyo haijawahi kuigusa nguo yenyewe. Inachojua ni maneno iliyopewa, na palipo na pengo hujaza kwa kubahatisha. Kwa nguo ya mtoto, kubahatisha huko kunaweza kuishia kwenye ngozi. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ya ngozi huangalia picha akitafuta pamba isiyokwaruza. Akiletewa poliesta inayoshika jasho, yenye mishono mikavu kwa ndani, mtoto atajikuna usiku kucha na fedha itakuwa imeshatoka.

Tuchukue mfano wa mama anayeshona nyumbani magauni ya kitenge ya watoto wa miaka 4. Gauni lake lina shingo ya duara, mikono mifupi, marinda kiunoni na bitana ya pamba kifuani. Kwenye programu anaandika: “Gauni zuri la kitenge la mtoto wa kike, bluu na njano.” Picha inayotoka inavutia, lakini si gauni lake. Kitambaa kinang'aa kama satini, sketi inateremka kama maji na mshono wa kiuno hauonekani kabisa.

Kosa liko kwenye neno “zuri”. Halisemi chochote kuhusu kitambaa, hivyo programu imeutafsiri uzuri kuwa mng'ao. Mama huyo anahitaji kueleza mambo matatu: uso wa kitambaa, namna kinavyoanguka na mahali mishono inapopita.

Kwanza ahakikishe anachouza, maana sokoni kuna vitenge vya pamba na vingine vya poliesta vyenye maua yaleyale. Achomoe nyuzi chache, azishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, mbali na watoto, kisha aziwashe. Pamba huwaka ikinuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kama kitambaa kimechanganywa, dalili zote mbili zinaweza kuonekana, na hapo asiandike kwamba ni pamba tupu.

Kitambaa chake ni pamba. Sasa akipeleke dirishani na kukiinamisha ili mwanga upite kwa ubavu. Mwanga wa ubavuni huonyesha nyuzi zilizosukwa zikipishana, mambo ambayo taa ya mbele huyafuta. Ataona uso mkavu, wenye vinyweleo vifupi sana na usiorudisha mwanga. Hayo ndiyo maneno ya kuandika. Ni bora aseme “uso mkavu kama karatasi” kuliko “usiong'ae”, kwa sababu programu nyingi zikikuta neno la mng'ao hulichora hata kama limekanushwa.

Kuanguka kwa kitambaa kunapimwa kwa njia rahisi. Akate duara la upana wa sentimita 30 na kulilaza katikati ya sufuria ndogo iliyopinduliwa, yenye upana wa karibu sentimita 18. Maabara za nguo hutumia wazo hilohilo. Kitenge kipya kitatoa mikunjo michache, mipana, inayosimama mbali na sufuria. Kitambaa cha fulana kitatoa mikunjo mingi na kulala karibu nayo. Kuandika “kizito” au “chepesi” hakutoshi, kwa kuwa kitambaa chepesi kinaweza kuwa kigumu na kizito kikalegea. Aeleze mikunjo anayoiona.

Kwenye mishono, aandike kila mshono unaanzia wapi na kuishia wapi. Akiweka rula juu ya mshono wa shingo atahesabu karibu mishono 4 kwa kila sentimita, lakini programu si hodari wa kuhesabu. Maneno “mishono midogo, iliyokaribiana, yenye urefu sawa” huisaidia zaidi kuliko namba.

Maelezo yake mapya yanakuwa hivi: “Gauni la mtoto wa miaka 4, limetundikwa kwenye ukuta mweupe, mwanga wa dirisha kutoka kushoto. Kitambaa cha pamba kilichosukwa kwa nyuzi zinazopishana, uso mkavu kama karatasi, maua ya njano ya ukubwa wa kiganja cha mtoto kwenye bluu iliyokoza. Sketi inasimama mbali na mwili kwa mikunjo michache mipana. Marinda yamekusanywa kwenye mshono mmoja unaozunguka kiuno chote. Shingoni kuna mstari mmoja wa mishono midogo ya uzi wa bluu, nusu sentimita kutoka ukingoni. Pindo la chini ni la sentimita 3.” Programu ikikubali kupokea picha, aiambatanishe na ya kitambaa aliyoipiga kwa simu pale dirishani. Maua yatakaribia zaidi kuwa yake.

Picha ikitoka, aitandaze nguo mezani na kuilinganisha sehemu kwa sehemu. Makosa hujificha mahali pachache. La kwanza ni marinda: kwenye nguo halisi, ua likiingia ndani ya kunjo hukatika na nusu yake kupotea, ilhali picha ya kubuni huweza kuliacha zima, kana kwamba limebandikwa juu ya mikunjo. La pili ni kiuno, ambako maua ya juu na ya chini ni vipande viwili vilivyoshonwa, hivyo ni nadra kuungana vizuri. La tatu ni mshono wenyewe. Aufuate kwa kidole tangu mwanzo. Wa kweli huishia ukingoni au kwenye mshono mwingine, wa kubuni unaweza kuyeyuka katikati ya kitambaa. Akikuta kosa, arekebishe sentensi inayohusu sehemu hiyo tu na kuacha nyingine zilivyo.

Hata picha ikifanana, kuna kitu haiwezi kuthibitisha, nacho ni upande wa ndani. Hapo ndipo ngozi ya mtoto inapogusa. Mama huyo anapaswa kuligeuza gauni, kupiga kwa simu picha moja ya kawaida ya mishono ya ndani na ya bitana, na kuiweka pamoja na ile iliyotengenezwa. Chini yake aandike aina ya kitambaa na kwamba picha ya kwanza imetengenezwa kwa programu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na kisingizio cha programu hakitamrudishia mteja wake.

Kwa mzazi anayenunua, mambo ni hayohayo kwa upande wa pili. Kabla ya kutuma fedha amwombe muuzaji picha ya nguo ikiwa imegeuzwa, iliyopigwa karibu na dirisha. Mwenye nguo mkononi ataipiga kwa dakika moja. Anayeendelea kutuma picha zilezile za mbele, zenye kung'aa, pengine nguo hiyo hata yeye hajaishika.